Siku kumi baada ya kumenywa uso: utunzaji wa ngozi kwa mtu wa Mwanza

Wateja wangu huuliza bei wakiingia, halafu wakiwa mlangoni wanatoka ndipo hukumbuka kuuliza, "Sasa huku nyumbani nipake nini?" Jibu langu huwaudhi kidogo, maana karibu lote ni mambo ya kutopaka.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Nikisema kumenya ngozi kwa kemikali sisemi mkorogo. Nazungumzia asidi inayopakwa kwa dakika chache na mtu aliyefunzwa, ikalegeza tabaka la juu la ngozi mpaka lidondoke lenyewe. Kazi ya pili, ya sindano ndogo ndogo, hutoboa vijitundu vingi usoni ili ngozi ijijenge upya ikijitibu. Zote mbili ni jeraha la makusudi. Na ngozi nyeusi ikijeruhiwa hujibu kwa kutengeneza rangi nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo mtu aliyekuja kuondoa alama za chunusi anaweza kuondoka na baka jeusi zaidi ya alama alizokuja nazo. Mwongozo huu wote ni wa kuzuia baka hilo.

Nitautembeza juu ya mteja mmoja, dada anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nilimpaka asidi ya salisiliki ya asilimia 30 kwa ajili ya alama za chunusi kidevuni na mashavuni. Ilikuwa Ijumaa jioni. Jioni nilichagua kwa makusudi, ili usiku mzima upite kabla hajakutana na jua.

Hatua ya 1: Saa 24 za kwanza, usiguse

Usiku wa kwanza uso huwa umevutwa kama uliopakwa gundi ikakauka. Aliyechomwa sindano huwa mwekundu au, kwa ngozi nyeusi, huonekana mweusi wa kung'aa na wenye joto, kama mtu aliyeinamia jiko la mkaa kutwa. Hali hii hupungua ndani ya siku moja hadi tatu.

Aliyemenywa kwa asidi anaweza kunawa usiku huo huo kwa maji ya baridi. Aliyechomwa sindano asinawe mpaka kesho yake, kisha atumie maji yaliyochemshwa yakapozwa, au salaini ya duka la dawa. Maji ya pipa lililokaa uani wiki nzima hayafai, na ya ziwani ndiyo kabisa. Vile vitundu ni milango. Mingi hujifunga ndani ya siku moja au mbili, lakini kabla ya hapo chochote unachopaka huzama ndani kuliko kilivyokusudiwa. Seramu ya vitamini C, ambayo siku nyingine haina neno, ikizamishwa hivyo inaweza kuzusha vipele vigumu vinavyokaa miezi. Vivyo hivyo losheni zenye manukato. Vipodozi vya rangi, poda na fondesheni, viwekwe kando angalau saa 24 kwa sindano, na kwa asidi mpaka maganda yaishe.

Siku mbili za kwanza usifanye mazoezi ya kutoa jasho, usijifukize, na kama unapika samaki kwa moshi mpe mtu mwingine zamu. Badilisha foronya. Wanaume waache kunyoa ndevu mpaka ngozi itulie.

Hatua ya 2: Siku ya pili hadi ya saba, vitu vitatu tu

Sabuni laini isiyo na harufu, mafuta ya mgando na kinga ya jua. Basi. Sabuni ya mche haifai hapa hata kama umekulia nayo, kwa sababu huiacha ngozi kavu na kuumia zaidi. Nawa kwa viganja, si kwa kitambaa wala dodoki, asubuhi na jioni. Kausha kwa kubonyeza taulo safi, usifute. Mafuta ya mgando yapake membamba, kama mara tatu kwa siku au kila ngozi inapovuta. Aliyechomwa sindano aanze nayo kesho yake.

Kwa asidi hii, maganda huanza siku ya tatu hivi, tena huanzia kando ya mdomo na pua, kwa sababu huko ndiko uso unakotembea unapoongea na kula. Yule dada alinipigia Jumatatu: "Dada, ngozi inadondoka kama ya nyoka, nifanyeje?" Nikamwambia asifanye lolote. Ganda lililonyanyuka ncha moja bado limeshikana na ngozi mbichi upande wa pili; ukilivuta unang'oa na kile kisichokuwa tayari. Likikukera sana, kata ile ncha kwa mkasi mdogo uliosafishwa, upake mafuta juu yake.

Jumanne alikuwa ameinama juu ya dagaa zilizoanikwa, jasho linamwagika, kidevu kinawasha. Akavuta. Aliniambia baadaye kwamba lilitoka kipande kimoja kama ukucha, na chini yake palikuwa pekundu pamelowa. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, ingawa lilichukua wiki mbili kuonekana.

Hatua ya 3: Jua, na hasa jua la ziwani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Mwanza si mji wa mzaha kwa jua. Tuko karibu digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri husimama utosini kabisa. Upepo wa ziwa unakudanganya: hausikii kuungua, huku mionzi inaingia vile vile. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa.

Kipimo changu hakihitaji simu. Simama uwanjani uangalie kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, kaa ndani. Kwetu hiyo ni takriban saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo mimi huwaambia wateja saa tatu hadi saa kumi ili wasianze kunipigia hesabu. Kama ni lazima utoke, vaa kofia ya ukingo mpana, na mtandio juu yake kama uko karibu na maji au mchanga, kwa sababu mwanga unaoruka kutoka chini haujui kofia. Kidevu na chini ya macho ndipo unapopiga.

Kioo nacho kina hila. Kioo cha dirisha la gari huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayobabua, lakini cha pembeni mara nyingi huruhusu ile inayotia weusi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wateja wa Sengerema hawasimami tena juu ya kivuko, wanakaa dirishani wakidhani wako salama. Kaa upande wa kivuli.

Sasa kinga yenyewe. Watu wengi hapa huiita "mafuta ya albino" na huona si yao. Ni yao, kwa wiki hizi hasa. Tafuta yenye SPF 30 au zaidi iliyotengenezwa kwa oksidi ya zinki, kwa sababu hukaa juu ya ngozi na huchoma mara chache. Kama kopo linasema ina rangi ya ngozi, soma orodha ya viungo utafute `CI 77491`, `CI 77492` au `CI 77499`. Hizo ni oksidi za chuma, rangi ile ile ya udongo mwekundu, na huzuia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwa ngozi nyeusi hutia madoa hata pale mionzi mingine imezuiwa. Kinga nyeupe tupu, isiyo na rangi hizo, haifanyi kazi hiyo vizuri.

Kipimo ni mistari miwili: kamulia kuanzia mzizi hadi ncha ya kidole cha shahada, halafu cha kati. Hiyo ni ya uso na shingo. Wengi hupaka kiasi cha punje ya haragwe, halafu hulalamika kwamba kopo halifai. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na mapema zaidi ukitoka jasho. Aliyemenywa aanze asubuhi ya kwanza. Aliyechomwa sindano asubiri saa 24 zipite, na siku hiyo ya kwanza kinga yake ni paa la nyumba.

Hatua ya 4: Vya kuacha, na lini kuvirudia

Tretinoini na jamaa zake, asidi zote za kupaka, vitamini C, benzoili peroksaidi, skrabu, liwa, na nta ya kunyolea: vyote viache kwa siku saba angalau, na zaidi kama maganda bado yapo. Usihesabu kalenda peke yake. Nawa kwa maji matupu, yakichoma, bado. Yasipochoma na hakuna ganda, rudisha kimoja tu, usiku, mara moja, kisha subiri siku mbili kabla ya kingine. Limau usirudishe kamwe. Maji yake yakikutana na jua huunguza.

Mkorogo ni habari nyingine. Haidrokwinoni na zebaki ni marufuku katika vipodozi nchini, lakini vimo madukani. Krimu za klobetasoli, steroidi kali inayochanganywa kwenye mkorogo, huifanya ngozi iwe nyembamba, huchelewesha kupona na huficha maambukizi. Na ukiacha ghafla baada ya miezi mingi uso unaweza kulipuka, kwa hiyo mwambie fundi ukweli kabla hajakugusa. Mimi mtu anayetumia nampeleka kwanza kwa daktari.

Dalili za kukimbia hospitali

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku ya pili, usaha wa njano, homa, au vilengelenge vidogo vya kundi kandokando ya mdomo. Hivyo vya mwisho vinaweza kuwa virusi vya vidonda vya mdomo vilivyoamshwa, na dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema. Usipake krimu yoyote ya kujaribu njiani.

Yule dada alirudi wiki ya tatu. Mashavu yalikuwa yamesafika, ila kidevuni palikuwa na duara jeusi la ukubwa wa sarafu, pale pale alipovuta. Alitaka nimmenye tena palepale. Nikakataa. Tulisubiri ngozi itulie, akaanza asidi ya azelaiki usiku, na kinga ya rangi kila asubuhi hata siku ya mvua. Mwezi wa pili duara lilikuwa kama madoa ya chai, na mwezi wa nne ilibidi asogee mwangani kuniambia lilipokuwa. Siku hizi anakuja na mtandio mkubwa, na dagaa wake anawageuza kwa reki yenye mpini mrefu akiwa chini ya turubai.