Namna ya Kuandika Hitilafu, Kazi na Vipuri katika Daftari la Jenereta

Mwongozo huu ni wa fundi au mwendeshaji anayetunza jenereta ya dizeli ya akiba. Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni wa jenereta ya kVA 60, yenye fezi tatu, inayohudumia kituo cha afya pale umeme wa gridi unapokatika. Hitilafu yake ni ya kawaida sana: injini inawaka vizuri, inapokea mzigo, kisha nguvu inapungua mpaka inazima. Katika madaftari mengi jambo hili huandikwa kwa maneno mawili tu, "jenereta inazimazima", na fundi anayekuja baadaye anakosa pa kuanzia.

Hatua ya 1: Soma mita ya saa kabla ya kugusa chochote

Tarehe peke yake haitoshi, kwa sababu jenereta ya akiba inaweza kukaa wiki tatu bila kuwashwa, kisha ikafanya kazi usiku kucha. Kinachoonyesha umri wa oili, filta na mkanda wa feni ni saa ambazo injini imezunguka. Andika usomaji huo pamoja na neno "mita", kwa mfano "mita 1,412.6", ili usichanganywe na muda wa siku. Muda wenyewe uandikwe kwa mtindo wa saa 24, yaani 20:10, kwani "saa mbili" bila kutaja asubuhi au usiku imewahi kuzua mabishano katika zamu nyingi.

Hatua ya 2: Andika kilichoonekana, ndipo uandike unachokidhani

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Sehemu ya hitilafu ichukue dalili na vipimo tu, na chanzo kingoje mpaka kithibitishwe. Ukiandika "pampu mbovu" mapema, kila atakayesoma baada yako ataitazama pampu, hata kama tatizo liko kwenye tenki.

Kwa jenereta inayopoteza nguvu, vipimo vitatu lazima viandikwe kwa pamoja: masafa, volti na ampea za kila fezi. Masafa hufuata mwendo wa injini. Yakishuka mzigo ukiwapo, mashaka yaelekezwe kwenye injini, dizeli yake, hewa yake au mzigo uliozidi. Masafa yakibaki imara huku volti zikishuka, basi upande wa altaneta na kidhibiti volti ndio wa kuchunguzwa. Kuna mtego mmoja: vidhibiti volti vingi hupunguza volti kwa makusudi masafa yanaposhuka kupita kiwango fulani, ili kuipunguzia injini mzigo. Kwa hiyo fundi aliyeandika "volti ziko chini" bila kutaja masafa anaweza kumfanya mwenzake anunue kidhibiti kipya wakati kilichopo ni kizima.

Rangi ya moshi nayo iandikwe. Moshi mweusi pamoja na masafa yanayoshuka huashiria hewa haba au mzigo mkubwa kupita uwezo. Injini inayonyimwa dizeli hulegea bila kutoa moshi mweusi. Ujumbe wa paneli unakiliwe kama ulivyo kwenye kioo, bila kutafsiriwa, kwa sababu ndio utakaotafutwa katika kitabu cha mtengenezaji. Na jambo ambalo hukuliona mwenyewe litajwe kuwa ni maelezo ya mwendeshaji.

Katika mfano wetu, sehemu hiyo ilisomeka hivi:

> Mita 1,412.6, muda 20:10. Kwa maelezo ya mwendeshaji, injini ilizima yenyewe mara mbili jioni. Imewashwa tena na kupewa mzigo wa ampea 58, 55 na 61. Mwanzoni masafa 50.9, volti 400. Baada ya dakika 12 masafa yalishuka hadi 44 na volti 371, bila mzigo kuongezeka. Moshi haukuwa mweusi. Paneli ilionyesha UNDER FREQUENCY, kisha injini ikazima.

Jenereta ya kVA 60 kwa volti 400 inaruhusu takriban ampea 86 kwa kila fezi, kwa hiyo msomaji anaona papo hapo kwamba mzigo haukuzidi. Masafa yameshuka, moshi mweusi hakuna: njia inaelekea kwenye dizeli kabla hata ya kufungua spana.

Hatua ya 3: Eleza kazi kwa vitenzi vinavyotofautiana

"Imefanyiwa huduma" na "imerekebishwa" hazimwambii mtu chochote. Tumia "imekaguliwa", "imesafishwa", "imekazwa", "imerekebishwa mkao" au "imebadilishwa", kila moja kwa maana yake, na utaje kifaa na matokeo. Chanzo kiandikwe hapa, baada ya ukaguzi uliokithibitisha.

> Kitenganisha maji kimefunguliwa. Yametoka maji takriban nusu lita pamoja na matope. Filta ya dizeli imefunguliwa, imeziba kwa matope hayohayo. Filta imebadilishwa. Hewa imetolewa kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yalipokwisha. Filta ya hewa imekaguliwa, ni safi, haikubadilishwa.

Sentensi ya mwisho haifai kuachwa. Kifaa kilichokaguliwa na kukutwa kizima humwokolea muda fundi anayefuata.

Hatua ya 4: Kipuri kipya kiandikwe pamoja na historia ya kilichotoka

Andika jina la kipuri, idadi, namba iliyochapwa kwenye kipuri chenyewe na kama ni cha mtengenezaji au mbadala. Namba usiinakili kutoka kwenye risiti, maana duka huweza kutoa mbadala na kuacha namba ya asili kwenye karatasi. Kisha rudi nyuma katika daftari, utafute kipuri kilichotoka kilifungwa mita ikiwa ngapi.

Tulipofanya hivyo, tulikuta filta iliyoziba ilifungwa mita ikiwa 1,374. Ilikuwa imefanya kazi saa 38 hivi, ilhali filta ya namna hiyo hutarajiwa kudumu mamia ya saa. Hesabu hiyo ilitosha kuonyesha kwamba filta ilikuwa inaumia tu, na kwamba uchafu unatoka kwenye tenki. Ingizo la awali lingekuwa limeandikwa "filta mpya imewekwa" bila mita, tungebadilisha filta tena na tena.

Hatua ya 5: Andika jaribio na kazi iliyobaki

Jaribio lifanyike kwa mzigo unaokaribiana na ule ulioleta hitilafu, na kwa muda unaozidi ule iliochukua kujitokeza. Injini iliyozima baada ya dakika 12 haijathibitishwa kwa kuunguruma dakika 5 bila mzigo.

> Imejaribiwa dakika 40, ampea 57, 56 na 60; masafa 50.8, volti 400, bila kushuka. Kazi iliyobaki: kumwaga na kuosha tenki, kukagua mfuniko na bomba la kupumulia. Mpaka hapo, maji yamwagwe kwenye kitenganisha kabla ya kila kuwasha. Mhusika: fundi wa zamu ya mchana.

Kazi iliyobaki iwe na mhusika, vinginevyo hubaki kwenye karatasi. Ukikosea neno au tarakimu, kata kwa mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, andika lililo sahihi pembeni na utie herufi za jina lako. Usifute wala kupaka rangi nyeupe. Ikiwa unaandika kesho yake, taja muda wa kazi na muda wa kuandika kando kando, kisha utie saini, na mwendeshaji aliyepokea jenereta atie yake.