Somo: Kukadiria bili ya mwezi ya apu ndogo, na mambo ya kuandika kando ya kila namba

Habari zenu wanachama. Wiki iliyopita wengi mliniuliza ninavyofika kwenye bei ninayompa mteja kabla hata apu haijapanda hewani. Leo tufanye hesabu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nitatumia AWS Pricing Calculator, ile ya `calculator.aws`, kwa sababu inafunguka bila akaunti na bila kadi ya benki. Bei ninazotaja ni za dola, Region ya `US East (N. Virginia)`. Siku utakayoifanya hesabu yako, soma bei upya kwenye skrini.

Kikokotoo kinajua kuzidisha tu. Mteja wako ana watu wangapi, picha zako ni nzito kiasi gani, seva itahema au itapumzika, hayo hakiyajui. Unayajaza wewe. Kwa hiyo bili ikija tofauti na makadirio, mara nyingi bei haijabadilika, ila kuna jambo ulilichukulia bila kulisema.

Mfano wetu: duka la Mombasa linalouza gesi na maji ya kunywa, linataka apu ya wavuti ya kupokea oda. Seva moja, databesi moja ya PostgreSQL, picha za bidhaa.

Hatua ya 1: Pata namba za mteja kabla hujafungua kikokotoo

Usimuulize mteja "trafiki ni kiasi gani", hatakujibu. Muulize anachokijua: kwa siku anapokea wateja wangapi kwa simu na dukani? Huyu akasema kama 300. Tukachukulia wote watahamia kwenye apu, na kila mmoja atafungua kurasa 8 kwa siku, yaani orodha, bidhaa, kikapu, malipo, kisha kuchungulia oda imefika wapi.

Sasa uzito wa ukurasa. Hapa usikisie, pima. Fungua apu yako kwenye kivinjari cha Chrome, bonyeza F12, nenda `Network`, weka tiki kwenye `Disable cache`, kisha pakia ukurasa upya. Chini kabisa utaona namba iliyoandikwa `transferred`. Pima kurasa tatu nne tofauti, chukua wastani. Kwetu ilikuwa megabaiti 0.6 baada ya kupunguza picha.

```
300 x 8 x 30   = 72,000 kurasa kwa mwezi
72,000 x 0.6MB = 43,200MB, kama 43GB
```

AWS haitozi gigabaiti 100 za kwanza zinazotoka kwenda intaneti kila mwezi. Baada ya hapo, kwenye Region hii, ni dola 0.09 kwa gigabaiti. Kwa hiyo trafiki yetu ni dola 0.

Lakini angalia jambo hili kwa makini. Kabla ya kupunguza picha, ukurasa ule ule ulikuwa megabaiti 3. Watu ni wale wale 300, kurasa ni zile zile, ila zinatoka gigabaiti 216. Toa 100 za bure, zidisha 116 kwa 0.09, unapata dola 10.44. Picha ambazo hazijapunguzwa zinakula zaidi ya nusu ya bei ya seva ya pili. Ndiyo maana uzito wa ukurasa lazima uandikwe kwenye makadirio, na siyo idadi ya watu peke yake.

Hatua ya 2: Seva

Bonyeza `Create estimate`, chagua Region, tafuta `Amazon EC2`. Tulichagua `t3.small`, Linux, moja. Ukifika sehemu ya malipo, usikubali chaguo ulilolikuta limeshawekwa. Chagua `On-Demand` kwa mkono wako. Chaguo za `Savings Plans` zinaonyesha bei ya chini kwa sababu ni mkataba wa mwaka 1 au miaka 3, na mteja wako hajasaini mkataba wowote.

`t3.small` ni dola 0.0208 kwa saa. Kikokotoo kinahesabu mwezi kuwa saa 730, hivyo ni dola 15.18. Diski ya `gp3` ya gigabaiti 20 kwa dola 0.08 kila moja ni dola 1.60. Nakala ya akiba ya diski hiyo tumeichukulia kuwa gigabaiti 20 kwa dola 0.05, yaani dola 1.00.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukikosa: anwani ya IPv4. Tangu tarehe 1 Februari 2024 kila anwani ya umma ya IPv4 inatozwa dola 0.005 kwa saa, hata ile inayotumika. Kwa mwezi ni dola 3.65. Kwenye kikokotoo huikuti ndani ya EC2, unaitafuta chini ya `Amazon VPC`, `Public IPv4 Address`.

Hatua ya 3: Databesi

Tafuta `Amazon RDS for PostgreSQL`. `db.t4g.micro`, dola 0.016 kwa saa, ni dola 11.68. Hakikisha umechagua `Single-AZ`, kwa sababu `Multi-AZ` inaweka databesi ya pili ya kusubiri na bei inakuwa mara mbili. Kama swali la RDS Proxy lina jibu la ndiyo, libadilishe kama huihitaji. Diski ya gigabaiti 20 aina ya `gp2` kwa dola 0.115 ni dola 2.30. Nakala za akiba za RDS hazitozwi mpaka zizidi ukubwa wa diski ya databesi, kwa hiyo tumeacha sifuri.

Hatua ya 4: Jumla, kisha mambo tuliyoyachukulia

Ukijumlisha vyote unapata dola 35.41. Kikokotoo hakiweki kodi, basi tunaongeza VAT ya Kenya ya asilimia 16: dola 41.08. Kwa dola moja kuwa shilingi 130, ni kama shilingi 5,340.

Sasa andika hivi chini ya jumla, kwa lugha ambayo mwenye duka ataielewa:

- Wateja 300 kwa siku, kurasa 8 kila mmoja, megabaiti 0.6 kwa ukurasa. Vikibadilika, bei inabadilika.
- Seva na databesi zinawaka saa 24, siku zote. Hakuna mkataba wa mwaka.
- Seva inatumia CPU kwa wastani chini ya asilimia 20.
- Databesi ni moja. Ikianguka, apu inasimama mpaka irudi.
- Bei ni za N. Virginia, za tarehe tuliyokokotoa. Dola ni shilingi 130. VAT ni asilimia 16.
- Havimo: jina la tovuti, SMS za oda, ada za malipo ya simu, na kazi ya fundi.

Mstari wa asilimia 20 nauchukulia kwa uzito kuliko mingine. Seva za familia ya `t3` zina kiwango cha CPU ambacho bei yake imo ndani, na kwa `t3.small` ni asilimia 20 kwa kila vCPU, nayo ina vCPU 2. Ukizidi kwa muda mfupi hakuna shida, unatumia krediti ulizojiwekea CPU ilipokuwa chini ya kiwango hicho. Lakini hali ya kawaida ya `t3` ni `unlimited`: krediti zikiisha seva haipungui kasi, inaendelea kukimbia na ziada inatozwa dola 0.05 kwa saa ya vCPU. Tuseme kuna kazi ya nyuma imekwama na CPU imekaa asilimia 50 mwezi mzima. Ziada ni asilimia 30, mara vCPU 2, mara saa 730, yaani saa 438. Hiyo ni dola 21.90, zaidi ya bei ya seva yenyewe, na kwenye apu hakuna aliyeona tofauti. Utaijua ukitazama CloudWatch: `CPUCreditBalance` ikishuka hadi sifuri na `CPUSurplusCreditsCharged` ikianza kupanda, bili imeshaanza kuongezeka.

Mwisho, kila huduma kwenye kikokotoo ina kisanduku cha `Description`. Andika humo ulichokichukulia, mfano "saa 730, On-Demand, CPU chini ya 20%", ndipo ubonyeze `Share` kupata kiungo. Namba na sababu yake zisafiri pamoja. Kumbuka yeyote mwenye kiungo hicho anaona makadirio, kwa hiyo usiandike jina la mteja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimpe mteja bei moja au mbili?*

Mbili, ndugu yangu. Mimi hupeleka ya kawaida na ya juu. Ya juu kwa duka hili: wateja wameongezeka mara mbili na ukurasa umenenepa hadi megabaiti 1.5. Kurasa 144,000, gigabaiti 216, dola 10.44 za trafiki. Jumla 45.85, na VAT 53.19, kama shilingi 6,900. Mteja anaona kwamba wateja kuongezeka maradufu hakufanyi bili iwe maradufu, kwa sababu seva na databesi zinalipiwa saa.

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini usichague Cape Town, si ndiyo karibu na sisi?*

Marahaba. Unaweza, na nchi ikitaka data ibaki Afrika huenda ukalazimika. Ila kokotoa upya kila kitu, usibadilishe jina la Region tu. Trafiki ya kutoka Cape Town ni dola 0.154 kwa gigabaiti, hivyo zile gigabaiti 116 zinakuwa dola 17.86. Seva nayo iko juu kidogo. Na usidhani umbali wa kwenye ramani ndio kasi: pima muda wa kujibu kutoka kwenye laini ya wateja wako kabla ya kuamua.

*Nikizima seva usiku si nitaokoa?*

Utaokoa kidogo, dada. Ukizima kwa muda wa saa 6 kila usiku ni saa 180 kwa mwezi, dola 3.74. Diski inaendelea kutozwa, na kama umechukua Elastic IP nayo inaendelea. RDS ukiizima inajiwasha yenyewe baada ya siku 7. Kwa apu ya majaribio zima bila wasiwasi. Kwa duka la gesi, kuna mtu atakayeishiwa gesi saa kumi na moja alfajiri.

*Kaka, mimi nilifuata mchoro wa mtandaoni, seva nikaiweka kwenye subnet binafsi. Bili imekuja na dola 32 na senti ambazo sikuzikadiria. Ni nini?*

Fungua bili, tafuta `NatGateway-Hours`. NAT Gateway ni njia ya seva iliyo kwenye subnet binafsi kutoka kwenda intaneti, na bei yake ni dola 0.045 kwa saa, kwa mwezi 32.85, hata kama hakuna kilichopita ndani yake, na kila gigabaiti inayopita ni 0.045 nyingine. Michoro mingi ya mtandaoni inaiweka kwa sababu imechorwa kwa ajili ya kampuni kubwa. Kwa seva moja kama yako, iweke kwenye subnet ya umma, fungua mlango 443 peke yake kwa watu wote, SSH iruhusu anwani yako tu, na databesi uiache kwenye subnet binafsi, maana RDS haihitaji NAT ili kuongea na seva yako. Ukishahamisha, futa NAT Gateway yenyewe, kisha uachilie na ile Elastic IP iliyokuwa imeishika, la sivyo dola 3.65 zitaendelea kuja.