Mwenye funguo za akaunti ya ofisi akiondoka, usianzie kwenye nenosiri

Shirika moja nililowahi kulisaidia lilimwachisha kazi asubuhi mtu aliyesimamia akaunti yao ya Gmail, ile iliyotumiwa na wote. Saa sita mchana walibadilisha nenosiri, wakaamini kazi imekwisha. Jioni akaunti ikawafungia nje. Yule ndugu hakuwa fundi wa kuvunja mifumo. Alibonyeza tu sehemu ya "nimesahau nenosiri", na msimbo ukaingia kwenye simu yake, kwa sababu namba ya kurejeshea akaunti ilikuwa yake tangu siku ilipofunguliwa.

Ndiyo maana mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe.

Hatua ya 1: Namba na barua pepe za kurejeshea. Fungua mipangilio ya usalama ya akaunti, uondoe namba na barua pepe zake, uweke za ofisi. Laini iwe ya shirika na simu ikae ofisini. Ukiweka ya mfanyakazi mwingine umehamisha tatizo tu. Kuna jambo wengi hawalijui: baada ya mabadiliko haya, Google inaweza kuendelea kwa siku 7 kukubali kutuma msimbo kwenye namba au barua pepe ya zamani. Kwa hiyo mtu akitoa notisi ya kuacha kazi, fanya hatua hii mapema, angalau wiki moja kabla ya siku yake ya mwisho. Akiachishwa ghafla, ifanye akiwa bado kwenye kikao, kisha kwa siku hizo 7 mmoja wenu asome kila taarifa ya usalama inayoingia.

Hatua ya 2: Uthibitishaji wa hatua mbili. Ondoa simu yake, unganisha upya programu ya misimbo kwenye simu ya ofisi, na ufute funguo za siri, yaani passkeys, zilizohifadhiwa kwenye vifaa vyake. Kisha tengeneza misimbo mbadala mipya. Huwa 10, na mipya ikitoka ya zamani hufa papo hapo, hata kama aliichapisha kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Sasa nenosiri. Kulibadilisha huondoa vifaa karibu vyote, lakini si lazima vyote. Pitia orodha ya vifaa na ya programu zilizopewa ruhusa, uondoe kimoja kimoja usichokitambua.

Hatua ya 4: Milango ya nyuma ndani ya barua. Hapa ndipo watu hupitwa. Angalia kama kuna anwani ambako nakala za barua hutumwa zenyewe, soma vichujio vyote, na uone nani amepewa idhini ya kusoma barua. Kichujio kinachopeleka barua za benki kwenye anwani ya mtu binafsi hakiguswi na nenosiri jipya. Usikihukumu haraka, huenda alikiweka kwa nia njema ili afanye kazi akiwa safarini. Piga picha ya skrini kwanza, halafu ufute.

Maswali ya wanachama

*Swali: Sisi tumeshachelewa. Ameondoka, nenosiri hatuna, na namba ni yake. Tufanyeje?*

Mwandikieni barua ya makabidhiano yenye lugha ya heshima, mkitaja akaunti hiyo kwa jina. Wengi hukabidhi wakiombwa vizuri. Sambamba na hilo, jaribuni g.co/recover mkitumia kompyuta na intaneti ya ofisi iliyozoeleka kwa akaunti hiyo. Msijaribu kutoka vifaa vitano tofauti. Kama ni Google Workspace yenye kikoa chenu, yaani anwani zinazoishia na jina la tovuti yenu, mnaweza kuthibitisha umiliki kwa kuweka rekodi ya DNS, mradi akaunti mliyosajilia kikoa chenyewe isiwe mikononi mwake. Hiyo ikagueni leo.

*Swali: Kwenye Workspace ana akaunti yake yenye usimamizi mkuu. Niifute?*

Usiifute kwanza. Hakikisha yupo msimamizi mkuu mwingine, mwondolee anayeondoka madaraka, kisha isimamishe akaunti yake. Ikisimamishwa hawezi kuingia, na mafaili yanabaki. Hamisha umiliki wa mafaili na kalenda ndipo ufute. Ukikosea, una siku 20 za kuirejesha.

*Swali: Mwenzetu anaondoka kwa amani kabisa. Hatutamvunjia heshima tukimfanyia haya yote?*

Mfanyieni pamoja naye, mezani. Inamlinda pia: barua ikivuja mwezi ujao, hatakuwa wa kwanza kushukiwa.

*Swali: Tuko sita tunatumia nenosiri moja. Kila anayeondoka turudie haya?*

Mkiendelea hivyo, ndiyo. Afadhali akaunti ishikwe na watu wawili, wengine wapewe idhini ya kusoma na kujibu barua kupitia akaunti zao wenyewe. Gmail ya kawaida inaruhusu watu hadi 10, na hakuna kati yao anayeweza kubadilisha nenosiri. Mtu akiondoka, mnafuta jina lake kwenye orodha.