Deni la zamani: jinsi ya kuhesabu ukomo wa muda, na jinsi ya kumwomba Waziri muda ukishapita

Mdai mwenye mkataba uliosainiwa, mashahidi wawili na mdaiwa asiyebisha kwamba alipokea fedha anaweza kushindwa kesi bila shahidi hata mmoja kuitwa. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89 ya Tanzania, inaiamuru mahakama kuitupilia mbali kesi iliyofunguliwa nje ya muda, hata kama mdaiwa mwenyewe hakulitaja jambo hilo. Hakimu akiona tarehe zimepita, hana mamlaka ya kuendelea. Hakuulizi kama unadai haki. Anauliza umekuja lini.

Mwongozo huu ni wa deni la mkataba wa kawaida, ambalo muda wake ni miaka 6. Madai mengine yana muda wake: madhara kama ajali au kashfa ni miaka 3, kurejesha ardhi ni miaka 12, na mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tu. Usichukue hesabu ya jirani aliyekuwa na kesi ya kiwanja ukaitumia kwenye deni lako.

Kwanza, tafuta siku saa ilipoanza kutembea

Muda hauhesabiwi tangu siku mliposaini, wala tangu siku ulipochoka kusubiri. Unahesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na kwa deni lenye tarehe ya kurudishwa, ni pale tarehe hiyo inapopita bila malipo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Asha alimkopesha mfanyabiashara mwenzake shilingi 8,000,000 mnamo Machi 2017, na mkataba ukasema zirudishwe ifikapo Juni 30, 2017. Hazikurudi. Haki ya Asha ilizaliwa Julai 1, 2017. Siku hiyo ya kuanzia haihesabiwi, kwa hiyo siku ya mwisho ya kufungua kesi ingekuwa Julai 1, 2023. Hiyo ilikuwa Jumamosi, na sheria inasema muda ukiishia siku ambayo mahakama imefungwa, unaweza kufungua siku inapofunguliwa tena. Lakini nisingemshauri mtu yeyote aegemee nafuu hiyo. Kesi sasa husajiliwa kwa mtandao, na ubishi kuhusu siku ipi mahakama ilikuwa "imefungwa", au lini ada ililipwa kwa namba ya malipo, ni ubishi usioutaka juu ya kesi yako.

Pili, angalia kama kuna kilichoianzisha saa upya

Hapa ndipo kesi nyingi hupona au kufa. Mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye saini yake, haki ya kudai huhesabiwa kama imezaliwa siku hiyo. Kukiri kwa mdomo mbele ya wazee hakutoshi. Ujumbe wa simu huleta mabishano juu ya saini, hivyo mwenye busara humwandikisha mdaiwa karatasi, akasaini na kuweka tarehe, hata kama ni mistari miwili tu.

Februari 14, 2019 mdaiwa wa Asha alimtumia shilingi 500,000 kwa simu, na muamala ukaonyesha jina lake. Kwa malipo hayo saa ilianza upya, na siku ya mwisho ikasogea hadi Februari 14, 2025. Bila taarifa ya muamala kutoka kampuni ya simu, nafuu hiyo ni maneno matupu, kwa hiyo omba taarifa hiyo mapema.

Kuna vitu ambavyo watu huamini vinasimamisha saa, na havisimamishi. Mazungumzo ya kupatana ni kimoja. Mahakama zimekwisha kusema mara nyingi kwamba kujadiliana nje ya mahakama hakuongezi muda. Barua ya wakili ya kudai haisimamishi. Kwenda polisi au ofisi ya mtaa hakusimamishi, kwani huko si mahakamani. Ila ukiwa ulifungua shauri kwa nia njema na kulifuatilia kwa bidii katika mahakama isiyokuwa na mamlaka, muda huo unaweza kuondolewa kwenye hesabu. Vivyo hivyo mdai aliyekuwa mtoto au asiye na akili timamu haki ilipozaliwa, na mdai aliyefichwa ukweli kwa ulaghai, wana hesabu yao.

Tatu, iandike hesabu yako ndani ya hati ya madai

Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inataka hati ya madai iseme chanzo cha madai na lini kilitokea. Na kama muda wa kawaida umepita lakini una msamaha, kama malipo ya Asha, Amri ya VII kanuni ya 6 inakutaka uutaje msamaha huo humo humo. Asha akiandika tu "deni la Juni 2017" na kuacha malipo ya 2019 aje kuyaeleza kwenye ushahidi, wakili wa upande wa pili ataweka pingamizi la awali, na hakimu ataangalia hati kama ilivyo. Ushahidi haufiki.

Nne, kama muda umepita kweli, omba kwa Waziri kabla ya kufungua

Tuseme Asha alikuja kuamka Agosti 2025. Wengi hukimbilia mahakamani kuomba kuongezewa muda. Kwa rufaa na maombi, mahakama inaweza. Kwa kufungua kesi mpya ya madai, haiwezi. Uwezo huo amepewa Waziri mwenye dhamana ya sheria chini ya kifungu cha 44, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akiona ni haki kufanya hivyo.

Ombi huandikwa kwa barua kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dodoma. Eleza wahusika, kiasi, tarehe haki ilipozaliwa, tarehe muda ulipoisha, kisha sababu ya kila kipindi cha kuchelewa. Hapa ndipo barua nyingi huwa nyepesi. "Nilikuwa mgonjwa" haina uzito. "Nililazwa kuanzia mwezi huu hadi ule, vyeti vimeambatanishwa" ina uzito. Ambatanisha mkataba, taarifa ya malipo, barua za kudai, na utaje muda unaoomba.

Waziri hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda wa kisheria, yaani miaka 3 kwa deni. Na muda huo hujumlishwa kwenye ule wa awali. Hauanzi siku amri iliposainiwa. Asha akipewa mwaka 1, mwisho wake ni Februari 14, 2026. Amri ikitoka Januari 2026, amebakiwa na wiki chache tu. Kwa hiyo omba muda unaofidia pia siku za kusubiri jibu, na uwe na hati ya madai tayari. Nakala ya amri lazima iambatane na hati hiyo unapoifungua.

Mpangilio huu hauwezi kugeuzwa. Ukifungua kwanza na kesi ikatupiliwa mbali kwa ukomo wa muda, hiyo si sawa na kuondolewa kwa kasoro ya kurekebishika: huwezi kuifungua upya, kinachobaki ni rufaa. Kuiondoa mwenyewe kwa ruhusa ya kuifungua tena nako hakununui siku hata moja, kwani kesi ya pili huhesabiwa kana kwamba ya kwanza haikuwahi kufunguliwa.