Simu iliyotumika: ifute mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela

Kadi ya 1: Mahali
Kutaneni mchana, mahali pa kukaa. Kama ni Arusha, mgahawa wa karibu na Mnara wa Saa unafaa kuliko kusimama Kilombero katikati ya watu. Njoo na laini yako yenye bando, chaja, na simu yako ya kurushia intaneti. Tenga nusu saa. Muuzaji akisema ana haraka, mwache aende.

Kadi ya 2: IMEI
Piga `*#06#`. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, itatokea, na simu ya laini mbili itaonyesha mbili. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090. Jibu litakutajia aina ya simu. Ukishika Samsung na jibu likataja simu nyingine, IMEI imechezewa, usiendelee. Lakini jibu zuri halithibitishi kwamba simu si ya wizi. Iliyoibwa jana na ambayo mwenyewe hajatoa taarifa itapita bila tatizo, ndiyo maana kadi inayofuata ni ndefu.

Kadi ya 3: Akaunti ya mwenye simu
Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Android ina kinga ya wizi: mtu akiifuta simu kwa kubonyeza vitufe vya pembeni bila kuondoa akaunti ya Google, simu ikiwaka tena inadai akaunti ileile au namba ya siri ya zamani. Asiye nayo hafiki popote.

Tuseme unaonyeshwa Samsung ya laki mbili na nusu. Inawaka, picha ni safi, na muuzaji anasema, "Bosi, hiyo nimeshaifuta, iko safi." Usilipe bado. Fungua Settings, halafu Accounts and backup, halafu Manage accounts. Ukikuta barua pepe ya mtu, mwambie muuzaji aiondoe mwenyewe kwa Remove account, ya Google na ya Samsung pia. Akisema ameisahau namba ya siri, au simu ni ya shemeji aliyeko Dar, mrudishie simu yake.

Akishaondoa, ingia General management, Reset, kisha Factory data reset. Kwenye Tecno na Infinix utaikuta chini ya System. Hakikisha chaji iko juu ya nusu, maana simu ikizimika katikati ya kazi hii inaweza kugoma kuwaka. Ikiwaka upya, iunganishe na intaneti ya simu yako. Usiruke hatua hii, hata muuzaji akikuonyesha pa kubonyeza Skip, kwa sababu baadhi ya kufuli hutokea pale tu simu inapoongea na seva. Ikidai akaunti ya zamani, biashara imeishia hapo. Ikikuruhusu kuweka ya kwako mpaka ukafika kwenye skrini ya mwanzo, imepita.

Usikubali ahadi ya kwamba kuna fundi wa kuitoa hiyo kufuli kwa elfu ishirini. Kufuli iliyotolewa kwa ujanja inaweza kurudi siku utakayoifuta tena.

Kwa iPhone kanuni ni hiyohiyo: muuzaji azime Find My kwa nenosiri lake, kisha afute kupitia General, Transfer or Reset iPhone. Ukiona maneno iPhone Locked to Owner, achana nayo.

Kadi ya 4: Simu ya mkopo
Hii inadanganya zaidi, kwa kuwa leo inafanya kazi vizuri. Muuzaji amelipa mpaka jana, anakuuzia, kisha anaacha kulipa, na kampuni inaifunga ikiwa mikononi mwako. Baada ya kufuta na kuwasha intaneti, subiri dakika kumi. Programu ya kampuni ya mkopo ikijipakua yenyewe na haina kitufe cha Uninstall, deni bado lipo. Kama anadai amemaliza, apige huduma kwa wateja wa kampuni hiyo, sauti ikiwa nje, awatajie IMEI nao waifungue mkiwa mmekaa hapo.

Kadi ya 5: Kioo, betri, sauti
Samsung nyingi hufungua ukurasa wa majaribio kwa `*#0*#`. Tazama rangi moja moja utafute madoa. Weka laini yako, piga simu, chomeka chaja. iPhone ikionyesha Maximum Capacity chini ya 80%, omba upunguziwe gharama ya betri mpya. Vipimo vya ndani ya simu yenyewe vinatosha, huna haja ya kupakua programu.

Kadi ya 6: Malipo
Andikeni karatasi mbili zenye IMEI zote, bei, tarehe, majina, namba za NIDA na sahihi. Lipa kwa simu badala ya taslimu, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea: lazima lifanane na la kwenye kitambulisho. Likiwa la mtu mwingine, usibonyeze.