Jinsi ya kutunga wimbo wa kupanda: kuomba mvua na mbegu njema kwa mwendo wa jembe

Kwetu Kwimba, Usukumani, ukisema wimbo wa shambani watu wanafikiria bugobogobo kwanza: majembe yamepangwa mstari, ngoma inapigwa, ardhi inageuzwa. Ule ni wimbo wa kulima. Wimbo wa kupanda una mwendo wake mwingine, na wengi wanaokosea hukosea hapo, wanachukua wimbo wa kulima na kubadilisha maneno tu. Anayelima ana kazi moja, kuinua jembe na kulishusha. Anayepanda ana kazi nne kwenye kila shimo, tena moja ni ya mguu.

Mimi ni manju wa kikundi chetu cha kusaidiana mashambani. Nitaonyesha wimbo mmoja wa kupanda mahindi tangu mwanzo, neno kwa neno, ili uweze kutunga wako.

Hatua ya 1: Hesabu mwendo wa kazi kabla ya kutafuta maneno

Nenda shambani na jembe na konzi ya kokoto badala ya mbegu. Panda mstari mmoja ukiwa kimya, ukisikiliza mwili wako. Utaona kila shimo lina mapigo manne. Pigo la kwanza jembe linashuka. La pili unavuta udongo. La tatu mbegu inaanguka. La nne mguu unafukia, na papo hapo unasogea kwenye shimo linalofuata. Mkiwa wawili, mmoja wa jembe na mmoja wa mbegu, mapigo ni yaleyale, mmegawana tu.

Kila pigo linabeba silabi mbili bila kubanana. Mapigo manne mara silabi mbili ni mizani 8, na mizani 8 ndicho kipande cha shairi ambacho sikio la Mswahili limekizoea tangu zamani. Kwa hiyo shimo moja ni kipande kimoja. Manju anaimba kipande kwenye shimo la kwanza, wenzake wanaitikia kwenye la pili, na kazi haisimami.

Mwendo usizidi shimo moja kwa sekunde nne hivi. Msimu mmoja nilichangamka nikaharakisha wimbo. Watu walinifuata kwa furaha, mashimo yakawa ya juujuu, na kesho yake njiwa walikuwa wanaokota mahindi kwenye mistari yetu. Mzee mmoja aliniita pembeni akasema, "Mjukuu wangu, shimo halijui kuimba, wewe ndiye ulingojee." Mahindi yanataka kina cha sentimita 5 hivi. Tangu siku hiyo, mstari wa kwanza ukiisha nafukua mashimo matatu na kupima kwa kidole. Mbegu ikiwa juu mno, napunguza mwendo wa wimbo. Simwambii mtu achimbe zaidi, kwa sababu mkono utarudi kufuata wimbo tu.

Hatua ya 2: Tunga kiitikio, neno "mbegu" likae kwenye pigo la tatu

Kiitikio ndicho kitakachoimbwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, na watoto watakishika kabla ya wakubwa. Changu ni hiki:

*Nyesha mvua, mbegu ota.*

Hesabu: nye-sha, mvu-a, mbe-gu, o-ta. Silabi nane. Sasa kiimbe ukiwa na jembe. "Nyesha", jembe linashuka. "Mvua", udongo unavutwa. "Mbegu", na mbegu inatoka mkononi wakati huohuo jina lake linatoka mdomoni. "Ota", mguu unafukia. Nilianza na "Nyesha mvua, ota mbegu", ambayo ina mizani zilezile, lakini neno mbegu lilifika wakati shimo limeshafunikwa. Kuna dada mmoja ambaye mkono wake ulikuwa unalifuata neno, akawa anaangusha mbegu juu ya udongo uliokwisha kufukiwa. Nilipobadilisha maneno mawili tu, mkono wake ukarudi mahali pake.

Hatua ya 3: Chagua maneno kwa mkazo

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo ningependa usiharakishe.

Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jembe nalo linataka mkazo kwenye silabi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Neno la silabi mbili linaingia lenyewe: *mvu*-a, *mbe*-gu, *ju*-a. La silabi nne pia linaingia: zi-me-*o*-ta, mkazo uko kwenye ya tatu. La silabi tatu ndilo linalosumbua, maana mkazo wake uko katikati. Jaribu kuimba "Udongo mkavu leo". Mizani ni nane kamili, lakini jembe linashuka kwenye "u" wakati sauti inataka kushuka kwenye "do". Utajikwaa, na watu ishirini nyuma yako watajikwaa pamoja nawe.

Dawa ni mbili. Ama ubadilishe neno: nikaandika "Shamba kavu lakungoja". Ama ulitangulizie neno la silabi tatu kijineno cha silabi moja, kama *la*, *ya*, *na*. "Ziwani" peke yake linasumbua, lakini "la ziwani" linakaa vizuri: "Wingu zito la ziwani". Imba uone jembe linavyoangukia kwenye "wa".

Angalia pia m na n za mwanzo. "Mvua" na "mbegu" ni silabi mbili mbili, ila "mtama" ni tatu, m-ta-ma, kwa hiyo anayepanda mtama asitie neno hilo mahali pa mbegu akadhani limetosha. Na ukitaka kuimba kwa Kisukuma, usitafsiri maneno juu ya sauti ileile. Kisukuma kina toni, na sauti ikipanda pale neno linaposhuka, wazee watasikia neno jingine. Tunga upya.

Vina usivihangaikie. Kiitikio kinakata baada ya kila kipande, kwa hiyo sikio linapata mwisho uleule kila mara.

Hatua ya 4: Amua unamwomba nani, na uombe mvua gani

Zamani Usukumani mtemi ndiye aliyekuwa akidaiwa mvua, na nyimbo zilielekezwa kwake na kwa mababu. Utawala wa machifu ulifutwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na shambani kwetu leo kuna Wakristo, Waislamu na wanaoshika mila. Nimejaribu kutaja jina moja, wengine wakafunga midomo. Sasa naiita mvua yenyewe, na kila mtu anajua moyoni anamwomba nani.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba mvua ya kupandia si mvua yoyote. Ya kwanza huwa inadanganya. Inanyesha siku moja ya Novemba, watu wanapanda, jua linawaka wiki mbili, chipukizi zinakauka. Ikija kwa nguvu nayo, inafukua mbegu na kuzipeleka bondeni. Wimbo unaosema "mvua njoo" tu haujaomba kitu. Mimi naomba mambo matatu: ije taratibu, izame, na irudi.

Manju: *Wingu zito la ziwani*
Wote: *Nyesha mvua, mbegu ota*
Manju: *Shamba kavu lakungoja*
Wote: *Nyesha mvua, mbegu ota*
Manju: *Njoo pole, njoo tena*
Wote: *Nyesha mvua, mbegu ota*
Manju: *Zama ndani, kaa humo*
Wote: *Nyesha mvua, mbegu ota*

Na kabla ya kuimba "zama ndani", chimba uone imezama kiasi gani. Unyevu ukiwa haujafika urefu wa kiganja na vidole, na udongo ukiukamata haufanyi donge, ngojeni. Wimbo mtauimba mvua inayofuata.

Hatua ya 5: Ubeti wa mbegu useme kweli

Mwaka mmoja nilinunua pakiti dukani, imefungwa vizuri, ina picha ya hindi zuri. Tuliimba siku nzima, ikaota chini ya nusu. Niliumia sana, hasa nikikumbuka tulivyoisifu ile mbegu kwa sauti. Tangu hapo siimbi sifa za mbegu ambayo sijaipima, hata kama pakiti ina lebo.

Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ziweke mahali pa kivuli penye joto, nyunyizia maji kila siku. Siku ya saba hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi. Zangu za mwaka huu zilikuwa 90, na ubeti ukajiandika:

Manju: *Kumi, tisa zimeota*
Manju: *Mbovu zote tumetupa*
Manju: *Shimo moja, mbegu mbili*
Manju: *Jua kali, usichome*

Kila mstari unaitikiwa kama ule wa mvua. "Shimo moja, mbegu mbili" ni kwa nafasi tunayotumia, sentimita 75 mstari hadi mstari na 60 shimo hadi shimo. Zikiota chini ya 85 naimba "mbegu tatu", mizani hazibadiliki, na miche inayozidi tunaipunguza baadaye. Zikiwa chini ya 60 sipandi, natafuta mbegu nyingine.

Hatua ya 6: Pima urefu wa wimbo kwa urefu wa mstari

Mstari wa mita 50 una mashimo 83 hivi. Mistari minane ya manju na viitikio vyake inakula mashimo 16. Kwa hiyo wimbo huu unazunguka mara tano na kidogo, kisha kamba ya kunyooshea mstari inafika mwisho. Inatosha. Ukitunga beti ishirini, watu wataacha kuitikia ili wasikilize, na mkono wenye mbegu utasimama.

Kamba ikihamishwa, mikono iko huru kwa dakika moja. Hapo wimbo unaacha pigo la jembe. Naivuta sauti ndefu, "Ee mvuaaa!", wanajibu "Eee!", na ninayoyasema hapo siyaandiki kabla: naweza kutaja mzee aliyetuachia shamba hili, au mama mwenye shamba ambaye hakuweza kufika. Sauti hiyo ndefu usiiingize ndani ya mstari. Niliwahi kufanya hivyo, nikavuta "mbeeegu", na shimo lile likapata punje sita.

Hatua ya 7: Rudi shambani

Udongo ukiwa na unyevu, mahindi huanza kuchomoza siku ya tano hadi ya saba. Mimi hurudi siku ya kumi na kuhesabu mashimo 50 kwenye mstari mmoja wa katikati. Kama yaliyo matupu yanazidi matano, tunarudi kujazia na tunaimba ubeti wa mbegu peke yake. Kama yameshika, ubeti wa kwanza wa palizi unaanza na mstari mpya, wenye mizani nane vilevile:

*Zimeota, shuka tena.*