Ekari moja Bagamoyo: panda miembe, migomba ikulishe ukiisubiri

Mwenye ekari moja Kiromo, Zinga au Mlingotini akiniuliza apande nini kati ya embe, parachichi na ndizi, namwambia apande miembe iwe ndiyo shamba, na migomba katikati yake imtunze mpaka embe zianze kulipa. Parachichi la biashara namshauri awaachie watu wa Lushoto.

Nianze na hilo la parachichi, maana ndilo linaloponza wengi. Hass, parachichi lenyewe la biashara, inataka ubaridi wa milimani, kuanzia kama mita 1,000 kwenda juu. Huku chini joto linaifanya itoe matunda madogo, na hata ukipanda parachichi la kienyeji linalovumilia joto, adui wa pili ni chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na parachichi haliivumilii kabisa. Utaijua kwa majani makubwa: ncha inakauka na kuwa kahawia, kisha ukavu unapanda kwenye kingo kana kwamba moto umepita. Adui wa tatu ni maji yanayotuama, maana huozesha mizizi. Kama kisima chako kina maji yasiyo na chumvi na ardhi haituamishi, panda miwili mitatu ya kienyeji, ya mboga ya nyumbani.

Sasa ekari yenyewe, ile ya hatua 70 kwa 70. Weka miembe mita 10 kwa 10, mistari sita ya miche sita, jumla 36. Chukua miche iliyobebeshwa, kwa sababu inaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wakati mche wa kokwa unaweza kukuweka miaka sita hadi minane. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Maungio yabaki juu ya udongo, na kila chipukizi linalotoka chini yake likatwe. Maua ya miaka miwili ya kwanza yaondoe, mti ujenge mwili kwanza.

Kati ya mistari ya miembe pitisha mistari miwili ya migomba, mita 3 kwa 3, ukiacha mita 3.5 kutoka kwenye mwembe. Utapata mashina karibu 200. Panda masika yanapoanza. Mkungu wa kwanza utaukata kati ya miezi 10 na 15, kutegemea aina na maji. Tafuta machipukizi yenye majani membamba, menya kitunguu chake mpaka kiwe cheupe, kisha kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, ili usihamishe fukusi na minyoo ya mizizi. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu tu. Kisukari kina soko zuri lakini kinashikwa na mnyauko: majani ya chini yanageuka manjano na kuning'inia, na ukikata shina unakuta nyuzi za kahawia nyekundu. Shina hilo ling'oe, na usitoe mbegu kwenye shamba hilo.

Mimi napendelea mzuzu. Unahitajika sana kwa futari, na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hesabu miezi yako kutoka hapo kabla ya kupanda. Ni kweli mzuzu huchoka baada ya mikungu michache, ila hapa hauna budi kuondoka hata hivyo.

Unaondoka kwa sababu ya maji. Mgomba unataka kumwagiliwa kiangazi chote. Mwembe ni kinyume chake: baada ya masika, Juni na Julai, unataka ukavu na ubaridi ndipo utoe maua. Ukimwagilia migomba iliyo jirani yake, mwembe unachipua majani mapya mekundu badala ya maua. Kwa hiyo mwaka wa nne, miembe ikishafikia kuzaa, anza kung'oa mstari mmoja wa migomba kati ya kila miwili, na mwaka wa tano au wa sita umalize.

Embe nyingi za Pwani hushuka sokoni Desemba na Januari, na hapo dodo huporomoka bei Buguruni. Usikubali kuuza mti ungali na maua, maana dalali anakununulia mavuno yote kwa bei ya shida yako. Matunda yanayodondoka yaokote kila siku, uyafukie sentimita 60 chini au uyafunge kwenye mfuko mweusi juani, la sivyo funza waliomo watageuka inzi wa matunda na kurudi kutaga kwenye embe zilizobaki mtini.